Cherehani inayoruka mshono: anza na sindano, fuata njia ya uzi, mkazo uje mwisho

Mtu akiona cherehani yake inaruka, mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye ile nobu yenye namba. Anaizungusha kutoka 4 hadi 6, anashona kidogo, bado inaruka. Anaipeleka 8, uzi unakatika. Anairudisha 2, chini ya kitambaa kunafumka vitanzi. Mpaka hapo alikuwa na tatizo moja, sasa anayo mawili, na hakumbuki tena nobu ilikuwa wapi alipoanza.

Ninachoomba katika mwongozo huu ni kimoja: usiiguse nobu ya mkazo mpaka umebadilisha sindano na kutunga uzi upya. Kurukaruka kwa mshono, mara nyingi mno, kunatoka kwenye sindano. Kusipotoka huko, tazama njia ya uzi. Mkazo unakuja wa tatu, na mara nyingi umeharibika kwa sababu tu mwenye mashine aliuzungusha akitafuta dawa ya ugonjwa mwingine.

Kwanza hakikisha kweli inaruka

Chukua kipande ulichoshona, kinyooshe kwenye mwanga, utafute mahali penye pigo refu. Sasa tazama katikati ya pigo hilo refu. Je, kuna kitundu cha sindano ambacho uzi umepita juu yake bila kuingia? Kama kipo, sindano ilishuka, ikatoboa kitambaa, ikapanda, na uzi haukushikwa chini. Huko ndiko kuruka. Ukipima, pigo lililoruka huwa na urefu wa mapigo mawili au matatu kamili: kama umeweka 2.5, utakuta milimita 5 au 7.5.

Kama pigo ni refu lakini katikati hakuna kitundu, sindano haina kosa. Kitambaa ndicho kilichosogezwa vibaya, ama na meno ya mashine, ama na mkono wako uliokuwa ukivuta. Namna rahisi ya kuthibitisha ni kutoa uzi wote, wa juu na wa bobini, kisha kushona kwenye karatasi tupu. Vitundu vikijipanga kwa nafasi sawa, meno yanafanya kazi yake. Tumia sindano kuukuu kwa jaribio hili, kwa sababu karatasi inaua ncha.

Kinachotokea chini ya bati

Dakika moja ya kuelewa jambo hili itakuokolea saa nyingi. Sindano inaposhuka, inabeba uzi wa juu mpaka chini ya kitambaa. Inafika mwisho, inaanza kupanda. Kwenye zile milimita mbili hivi za mwanzo za kupanda, uzi ulio upande mmoja wa sindano unabanwa na kitambaa, haupandi nayo, kwa hiyo unavimba na kufanya kitanzi kidogo. Ncha ya ndoana, yaani kile chuma kinachozunguka au kucheza karibu na bobini, inapita wakati huohuo juu kidogo ya tundu la sindano na kukidaka kile kitanzi. Inakipanua, inakizungusha kwenye bobini, na nyuzi mbili zinafungana.

Nafasi kati ya ncha ya ndoana na sindano ni ndogo sana, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita au pungufu. Ndiyo maana sindano iliyopinda kiasi ambacho macho hayaoni inatosha kuharibu kila kitu. Ikipinda kwenda mbali na ndoana, ncha inapita bila kugusa kitanzi, na pigo linaruka. Ikipinda kuelekea kwenye ndoana, vyuma viwili vinakwaruzana, ncha ya ndoana inaota makovu, na hapo sindano mpya peke yake haitoshi.

Kwa hiyo kila ukiona pigo limeruka, swali ni hili tu: kwa nini ndoana haikukipata kitanzi? Ama kitanzi hakikuwepo, ama kilikuwa kidogo, ama kilikuwa mahali pengine.

Sindano

Zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Kama ni ya kukanyaga, ondoa mguu kwenye kikanyagio. Weka kipande cha karatasi juu ya bati ili sindano isitumbukie ndani, legeza skurubu yake, uitoe.

Itazame kwenye kioo. Sindano za cherehani nyingi za nyumbani zina shina lenye upande mmoja bapa. Lalisha upande huo bapa juu ya kioo au kitu chochote kilicho sawasawa kabisa, kisha inamisha kichwa mpaka macho yako yawe usawa wa kioo. Utaona mwanya mwembamba kati ya sindano na kioo. Mwanya huo unatakiwa uwe sawa kuanzia karibu na shina hadi kwenye ncha. Ukiwa unapungua au kuongezeka kuelekea ncha, sindano imepinda. Halafu itazame kutoka juu, kwa sababu inaweza kupinda kushoto au kulia na mwanya ukabaki sawa. Sindano yenye shina la mviringo, kama zinazotumika kwenye mashine za kiwandani, ibiringishe taratibu juu ya kioo na utazame ncha: ikichezacheza kama gurudumu lililopigwa, itupe.

Kisha pitisha ncha juu ya ukucha wako, taratibu. Ikikwaruza au kuacha mstari, imebutuka au imeota ndoana ndogo. Soksi nyembamba ya nailoni nayo ni kipimo kizuri, maana ncha mbovu inavuta nyuzi zake papo hapo.

Sindano iliyopinda hainyooshwi. Najua wanaoinyoosha kwa koleo na kuirudisha, lakini mnyoosho wa macho haufikii kipimo cha sehemu ya kumi ya milimita, na chuma kilichokwisha kupindwa mara moja kinakatika kirahisi zaidi. Vipande vyake vinaruka kuelekea usoni. Itupe. Nami nabadilisha sindano kila baada ya saa nane hivi za kushona, hata kama inaonekana nzima.

Sasa hii mpya. Mambo matatu yanatakiwa kuwa sawa.

La kwanza ni aina. Mashine nyingi za nyumbani zinachukua sindano ya shina bapa, ambayo pakiti yake huandikwa 130/705 H au HAx1. Mashine ya kiwandani ya mshono ulionyooka huchukua ya shina la mviringo, mara nyingi DBx1. Urefu wa hizi mbili si sawa. Sindano isiyo ya mashine yako inaweza kuingia vizuri tu na kukazwa, lakini tundu lake likawa juu au chini ya mahali ndoana inapopita. Kama hukumbuki ilikuja na ipi, kitabu cha mashine kimeandika.

La pili ni unene. Namba ya kwanza kwenye pakiti ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita: 90/14 ina milimita 0.9. Kwa kitambaa chepesi kama voili tumia 70/10, kwa pamba ya kawaida 80/12 au 90/14, kwa jinzi na turubai 100/16 au 110/18. Sindano nyembamba kwenye kitambaa kizito inapinda ikiwa ndani ya kitambaa, kisha inajirudi ikitoka, kwa hiyo ukiipima kwenye kioo unaiona nzima. Huu ndio ulaghai wake. Uzi nao upimwe na sindano: tunga kipande cha uzi cha sentimita 30 kwenye sindano iliyo mkononi, kikamate mkazo kwa mshazari, na utazame. Sindano ikiteremka yenyewe kwa uzito wake, tundu linatosha. Ikikwama, uzi ni mnene kwa sindano hiyo, hautapata nafasi ya kufanya kitanzi. Kwa kitambaa cha kunyumbuka, kile cha fulana na nguo za michezo, unene si hoja kubwa. Kinachotakiwa ni sindano yenye ncha ya duara au ile iliyotengenezwa kwa vitambaa vinavyovutika. Ncha kali inatoboa nyuzi za kitambaa badala ya kuzisogeza, kitambaa kinang'ang'ania sindano na kupanda nayo, na kitanzi hakipati wakati wa kuvimba.

La tatu ni namna ya kuiweka, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa sababu wanakariri "bapa kwa nyuma". Kwenye mashine nyingi za sasa ni kweli, upande bapa unaelekea nyuma. Lakini zipo ambazo uzi unaingia sindanoni kutoka ubavuni, hasa zile nyeusi za zamani, na huko bapa inaelekea ubavuni. Shika kanuni badala ya kukariri upande. Itazame sindano kwa karibu: upande mmoja una mfereji mrefu kutoka shinani hadi kwenye tundu, na upande wa pili, juu kidogo ya tundu, una kibonyeo kifupi kama kilichochotwa kwa kijiko. Mfereji unatazama upande uzi unakoingilia. Kibonyeo kinatazama upande ndoana inakopita. Fungua kifuniko cha bobini, zungusha gurudumu la mkono taratibu, uone ndoana inapita upande gani wa sindano. Hapo huhitaji kukumbuka chochote.

Isukume juu mpaka igonge mwisho, ishikilie hapo kwa kidole, kisha kaza skurubu. Sindano iliyobaki chini kwa milimita moja tu inaharibu mpangilio, kwa sababu ndoana sasa inapita juu mno kuliko kitanzi kinapovimbia. Nyingine hulegea zenyewe kwa sababu skurubu ilikazwa kwa vidole tu. Malizia kwa bisibisi ndogo, robo ya mzunguko, bila kutumia nguvu za kuvunja.

Kabla ya kuwasha umeme, zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako mizunguko miwili kamili. Usikie. Kama sindano inagusa chuma popote, simama hapo.

Njia ya uzi

Toa uzi wote wa juu. Usijaribu kukagua kama umetungwa vizuri huku umeshatungwa. Jicho linaona linachotarajia. Ukate karibu na rimu, ile inayobeba uzi juu ya mashine, na uvute kipande kwa kutokea upande wa sindano, usikivute kurudi nyuma, maana unarudisha vumbi na vipande vya nyuzi ndani ya visahani vya mkazo.

Sasa inua mguu wa kukandamiza kitambaa. Hili ni jambo dogo linalosababisha matatizo mengi kupita mengine yote ya kutunga. Visahani vya mkazo vinafunguka mguu ukiwa juu na vinabana mguu ukiwa chini. Ukitunga mguu ukiwa chini, uzi unapita pembeni ya visahani, hauingii katikati. Unaonekana umepita njia sahihi, kila kishikio kina uzi, lakini hakuna kinachoubana.

Zungusha gurudumu mpaka mkono wa kuvuta uzi, ule unaopanda na kushuka mbele ya mashine, uwe juu kabisa. Usipoupandisha juu, unaweza kuupita bila kuuingiza uzi, na kwenye mashine ambazo mkono huo umefichwa ndani ya mfereji hutaliona kosa. Dalili yake ni ya papo hapo: mapigo matatu manne ya mwanzo, chini kunakuwa na kiota cha nyuzi na mashine inakwama.

Pitisha uzi kuanzia kwenye rimu, kwenye kila kishikio, katikati ya visahani, chini ya kile kispringi cha pembeni yake, juu kwenye mkono wa kuvuta, ukishuka hadi kishikio cha mwisho kilicho juu tu ya sindano. Hiki cha mwisho kinarukwa sana kwa sababu ni kidogo na kinaonekana hakina kazi. Kazi yake ni kuufanya uzi ulale ndani ya mfereji wa sindano. Ukikiruka, uzi unayumba, na kitanzi kinavimba mara kushoto mara kulia. Ingiza uzi kwenye tundu kutoka upande wa mfereji mrefu, kama nilivyoeleza.

Halafu fanya jaribio la mkono, ambalo linamaliza ubishi. Mguu ukiwa juu, vuta uzi karibu na sindano: unatakiwa uje kwa wepesi. Shusha mguu, vuta tena: unatakiwa ukatae, mpaka uone sindano inataka kupinda kufuata mkono wako. Acha hapo, usiivute zaidi. Kama hakuna tofauti kati ya mguu juu na mguu chini, uzi hauko ndani ya visahani. Toa, tunga tena. Kama umetunga vizuri mara mbili na bado hakuna tofauti, kuna uchafu katikati ya visahani. Mguu ukiwa juu, pitisha kipande cha kitambaa chembamba cha pamba kati yake, ukikivuta huku na huku kama mtu anayesafisha meno.

Bobini haichukui muda. Itoe, safisha vumbi la nyuzi kwa brashi ndogo, usipulize kwa mdomo kwa sababu unyevu wa pumzi unaleta kutu. Tazama kama imejazwa sawasawa. Bobini yenye mgongo upande mmoja inavuta kwa kustuka. Irudishe ukihakikisha uzi umeingia kwenye ufa wa kesi ya bobini na kupita chini ya kile kipande cha chuma kinachobana, mpaka usikie au uhisi umeingia. Mwelekeo wa kuzunguka umeandikwa kwenye kitabu, na kwenye nyingi za bobini ya kulazwa kutoka juu, ukivuta uzi bobini huzunguka kinyume cha saa.

Jambo moja linalosahaulika ni rimu yenyewe. Rimu nyingi zina mkato mdogo ukingoni wa kushikia mwisho wa uzi. Ukiwa umeelekea upande uzi unakotokea, uzi unanasa hapo mara moja moja, unakazika ghafla, kitanzi kinanyang'anywa, pigo linaruka. Geuza rimu. Kuruka kwa namna hii kunajitambulisha kwa kuja kila baada ya urefu uleule wa mshono.

Mkazo

Ukifika hapa, inawezekana mashine imeshaacha kuruka. Jaribu kwanza. Kama ndivyo, kinachobaki ni kurudisha mkazo mahali pake.

Tumia nyuzi mbili za rangi tofauti na unene mmoja, tuseme nyeupe juu na nyekundu kwenye bobini, na kitambaa kilekile unachotaka kushona, kimekunjwa mara mbili. Weka nobu kwenye 4, au katikati ya namba zilizopo. Mashine nyingi za nyumbani zinafanya kazi kati ya 3 na 5. Weka urefu wa 2.5. Shona mstari wa sentimita 15 bila kuvuta kitambaa.

Usitazame tu juu. Geuza. Ukiona nyeupe inachomoza chini kama vidoti au vitanzi, uzi wa juu umelegea, ongeza namba. Ukiona nyekundu inachomoza juu, uzi wa juu umekaza mno, punguza. Sogeza nusu namba kwa mara moja, ushone tena pembeni ya mstari wa kwanza, na uandike namba kwa kalamu juu ya kitambaa kando ya kila mstari. Mkazo ukiwa sawa, fundo la rangi mbili linajificha katikati ya tabaka na kila upande unaona rangi yake tu.

Watu wanashangaa nikiwaambia kwamba vitanzi vikubwa chini ya kitambaa ni kosa la uzi wa juu. Uzi wa juu ukikosa kubanwa, unamwagika chini. Mtu anaona fujo iko upande wa bobini, anaanza kuifungua skurubu ya kesi. Fujo kubwa ya namna hiyo karibu kila mara ni uzi uliotungwa mguu ukiwa chini.

Je, mkazo unaweza kusababisha kuruka? Ndiyo, ukikaza kupita kiasi. Uzi wa juu uliokazwa sana hauna ulegevu wa kuvimba kitanzi, hasa kama ni uzi unaonyumbuka kama polyesta: unavutika ukishuka, unajirudi kwa nguvu sindano ikianza kupanda, na kitanzi kinakuwa chembamba au hakipo. Mkazo uliolegea unaleta vitanzi na viota, kuruka si kawaida yake.

Skurubu ya kesi ya bobini iguse ya mwisho kabisa, na tu kama huwezi kupata uwiano kwa nobu ya juu kati ya 2 na 6. Kama kesi inatoka, iweke bobini ndani, ishike kwa mwisho wa uzi, uiache ining'inie. Ikiteremka yenyewe mpaka chini, imelegea. Isipoteremka hata ukitikisa mkono, imekaza. Inayofaa inakaa ikining'inia, na ukiupiga mkono kidogo inashuka sentimita chache na kusimama. Kabla ya kuizungusha skurubu, weka alama ya kalamu kuonyesha ilipokuwa. Zungusha kiasi cha mshale wa dakika kusogea dakika tano, si zaidi, na ufanye kazi hiyo juu ya sahani au kitambaa cheupe. Ile skurubu ni fupi sana, ikianguka sakafuni umeipoteza.

Suruali ya jinzi iliyoleta makosa matatu kwa pamoja

Jirani yangu aliniletea mashine yake akisema, "Mwalimu, hii imekufa, inaruka kila mahali." Alikuwa anapinda suruali ya jinzi. Nilimwomba aniletee na hiyo suruali, kwa sababu kitambaa kinasema zaidi ya maelezo.

Kwenye sehemu bapa ya upindo, mshono wake ulikuwa unaruka hapa na pale. Kila ulipofika kwenye mshono wa ubavu, pale penye tabaka nane au zaidi, uliruka mapigo matatu mfululizo, mara zote upande wa kuteremkia. Vitundu vilikuwepo katikati ya mapigo marefu. Chini ya kitambaa uzi wa bobini ulikuwa umenyooka kama waya, na nobu ilikuwa kwenye 7.

Nilimuuliza, "Ilikuwa 7 tangu mwanzo?" Akasema hapana, ameipandisha baada ya kuona vitanzi chini.

Nilitoa sindano kwanza. Ilikuwa 80/12. Kwenye kioo mwanya ulianza wembamba wa karatasi na kuishia karibu mara mbili yake kwenye ncha. Imepinda. Nikaweka 100/16 ya jinzi, nikaisukuma mpaka mwisho, nikakaza. Bila kugusa kingine chochote, nikamwambia ashone. Kwenye sehemu bapa ikaacha kuruka kabisa. Kwenye nundu ikaruka pigo moja badala ya matatu. Na ikatupa vitanzi chini, palepale nobu ikiwa kwenye 7. Namba ya juu na vitanzi chini haviendi pamoja. Ukiviona pamoja, uzi hauko kwenye visahani.

Nikainua mguu na kuvuta uzi: mwepesi. Nikashusha na kuvuta: mwepesi vilevile. Tukautoa, tukatunga tena mguu ukiwa juu. Safari hii alipovuta mguu ukiwa chini, uzi ulikataa kama umefungwa. Alishona sentimita kumi, uzi wa juu ukakatika, kwa sababu sasa ile 7 ilikuwa 7 kweli. Tukairudisha 4, tukafanya mstari wa rangi mbili, nyekundu ikaonekana kidogo juu. Tukashuka 3.5, ikapotea.

Likabaki pigo moja kwenye nundu. Hilo halikuwa la sindano wala uzi. Mguu unapopanda nundu unainamia nyuma, na unapoteremka unainamia mbele, kwa hiyo kitambaa hakibanwi sawasawa karibu na sindano, kinapanda nayo, na kitanzi kinakosa kuvimba. Nikakunja kipande cha jinzi kilekile mpaka unene ulingane na nundu. Wakati mguu unaanza kupanda, nikakiweka nyuma ya mguu. Ulipofika juu na kuanza kuteremka, nikakihamishia mbele. Mguu ukabaki umelala bapa. Akashona nundu kwa kuzungusha gurudumu la mkono, pigo kwa pigo, bila kuvuta kitambaa. Halikuruka hata moja.

Ile sindano ya kwanza ilipinda hapohapo kwenye nundu. Mashine ilikataa kupanda, akavuta kitambaa kutoka nyuma kuisaidia. Sindano ikiwa ndani ya kitambaa na kitambaa kinavutwa, inapinda kama mwanzi na kugonga ukingo wa bati. Tulipotazama bati tukakuta kovu dogo kwenye ukingo wa tundu. Kovu kama hilo linakwaruza uzi na kuukata. Tulilisugua kwa msasa laini namba 600 uliokunjwa mwembamba, tukafuta vumbi la chuma, tukapitisha uzi kuhakikisha haunasi.

Ukishayafanya yote na bado inaruka

Sindano mpya ya aina sahihi, imepanda mpaka mwisho. Uzi umetungwa upya mguu ukiwa juu, na jaribio la kuvuta limekubali. Nobu iko kati ya 3 na 5. Kitambaa cha majaribio ni pamba ya kawaida, tabaka mbili. Kama katika hali hiyo bado inaruka, kosa limeshatoka kwenye mambo matatu tuliyozungumza, na limekwenda kwenye ndoana.

Fungua bati la sindano na uzungushe gurudumu la mkono kuelekea kwako, polepole, kwa mwanga mzuri. Sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda takriban milimita 2, ncha ya ndoana inatakiwa iwe inapita nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu, pale kwenye kibonyeo. Ikiwa inapita mapema, imechelewa, au inapita chini ya tundu, mpangilio wa ndoana na sindano umehama. Hilo hutokea hasa baada ya mashine kukwama kwa nguvu au sindano kuvunjikia ndani. Gusa pia ncha ya ndoana kwa ukucha: ikiwa butu au ina makovu, inakisukuma kitanzi badala ya kukidaka.

Kurekebisha mpangilio huo kunahitaji kulegeza fimbo ya sindano au shafti ya ndoana, na kipimo chake ni kile cha sehemu ya kumi ya milimita. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mpelekee fundi wa mashine. Mpelekee pamoja na kipande cha mshono ulioruka, sindano iliyotoka, na maneno haya: sindano ni mpya, uzi umetungwa upya, mkazo uko kwenye 4, na ndoana inapita hapa. Ataanzia pale ulipoishia.